Joto la chumba ni nyuzi ngapi?

Saa nane mchana, meza ya jiko la shule. Chupa mbili za jemu zimekaa kwenye maji ya nyuzi 43 tangu saa tatu asubuhi. Maziwa yake yametoka kwenye sufuria moja, yamechemshwa pamoja, yakapozwa pamoja. Ukiinamisha ya kwanza, maziwa hayasogei. Yameganda, uso wake unang'aa, na pembeni pameachana kidogo na kioo. Ukiinamisha ya pili, maziwa yanatiririka kama yalivyotoka kwa ng'ombe.

Maziwa yale yale, joto lile lile, saa tano zile zile.

Kilichotofautiana ni kijiko kimoja cha chai. Chupa ya kwanza ilitiwa mbegu ya yogati, yaani kijiko cha yogati iliyokwisha kuganda. Ya pili ilitiwa mbegu ya mtindi wa kawaida, ule ambao Kenya wanauita mala au maziwa lala. Na ukichukua jozi nyingine ya chupa kama hizo ukaiweka kwenye maji ya nyuzi 22, kesho asubuhi mambo yamegeuka: mtindi umeganda, yogati bado ni maji.

Kwa wiki kadhaa neno moja limekuwa likinisumbua kila ninaposoma kazi za mradi za wanafunzi wa sayansi kimu. Neno lenyewe ni "joto la chumba". Linaandikwa kwenye safu ya jedwali kana kwamba ni kipimo. Chumba cha Njombe mwezi wa Julai kinaweza kuwa na nyuzi 15. Cha Dar es Salaam mwezi wa Februari kinaweza kuwa na 31. Kwa maziwa, tofauti hiyo ni kama dunia mbili.

## Joto linachagua nani afanye kazi

Wengi wanaanza mradi huu wa kugandisha maziwa kwenye joto tofauti wakidhani joto ni kama mwendo wa gari: ukiongeza, maziwa yanaganda haraka, ukipunguza, yanachelewa. Kwa hiyo wanachora mstari mmoja unaoshuka na kazi inaishia hapo. Mstari huo si wa uongo, ila ni nusu tu ya habari.

Maziwa hayagandi yenyewe. Yanagandishwa na bakteria wanaokula sukari ya maziwa na kutoa asidi ya laktiki, na bakteria hao ni wa makundi tofauti. Wa yogati ni wawili, streptokokasi na laktobasilasi, na wote wanapenda joto la nyuzi 40 hadi 45. Wanasaidiana: streptokokasi anaanza mbio na kutoa vitu vinavyomwamsha mwenzake, naye laktobasilasi anavunja protini za maziwa na kumpa streptokokasi chakula asichoweza kujitafutia vizuri. Ndiyo maana wakiwa pamoja wanagandisha kwa saa nne au tano, kazi ambayo mmoja peke yake angechelewa nayo sana.

Wa mtindi ni kundi la laktokokasi. Hao wanastawi kwenye nyuzi 20 hadi 30 na kidogo. Ukiwapeleka 43 wanazubaa. Wengi wao hawawezi kuongezeka kabisa. Jina "maziwa lala" lenyewe limebeba maelekezo: yalaze usiku kucha, pasipo moto, asubuhi yatakuwa tayari.

Kwa hiyo swali la mradi lisiwe "joto gani linagandisha haraka?" Liwe: mbegu hii, kwenye joto hili, inafanya nini?

## Chupa tisa

Mpangilio ninaoutetea ni huu. Joto tatu: nyuzi 22, 30 na 43. Mbegu mbili: ya yogati na ya mtindi. Hizo ni chupa sita. Ongeza chupa moja isiyo na mbegu kwenye kila joto, zinakuwa tisa. Chupa hizo tatu zisizo na mbegu zinaonekana kama upotevu wa maziwa, lakini nitazirudia, maana bila hizo huwezi kudai chochote.

Kila chupa inachukua mililita 250, jumla lita mbili na robo. Nunua lita tatu, kwa sababu maziwa yanapungua yakipashwa moto, na unahitaji ya ziada ya kupimia.

Mbegu ni kijiko kimoja cha chai, yaani mililita 5, kwa kila chupa. Hiyo ni asilimia 2. Usizidishe ukidhani utapata mgando mzito zaidi. Mbegu nyingi inaleta asidi nyingi mapema, na mgando unatoka na chengachenga.

Mbegu yenyewe iwe haina sukari, haina ladha ya stroberi wala vanila, na tarehe yake iwe bado changa. Soma kibandiko. Kikisema bidhaa ilipashwa moto baada ya kuganda, iache dukani. Bakteria wake wamekufa. Na ikiwa imetiwa wanga au jelatini, usishangae ya kwako ikitoka laini kuliko ile ya kopo, kwa kuwa uzito wa kopo haukutoka kwa bakteria peke yao.

## Nyuzi 85 kwa nusu saa

Weka sufuria ya maziwa ndani ya sufuria kubwa yenye maji, maziwa yasigusane na moto moja kwa moja. Pandisha hadi nyuzi 85, uyashikilie hapo dakika 30, ukikoroga polepole ili utando wa malai usijikusanye juu na chini yasishike. Hata sehemu za juu kama Nairobi, ambako maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, 85 inafikika bila shida.

Wanafunzi wanajua sababu ya kwanza ya kufanya hivi: kuua vijidudu. Ya pili ndiyo inayoonekana kwenye kijiko.

Maziwa yana protini za aina mbili kuu. Kaseini imo ndani ya vidonge vidogo sana vinavyoelea, ndivyo vinavyoyapa maziwa weupe. Nyingine ni protini za maji ya maziwa, zile zinazobaki kwenye maji ya kijanikimanjano kaseini ikishaganda. Zikipashwa hadi 85 kwa muda wa kutosha, protini hizi za maji zinafunguka na kujishikiza kwenye vidonge vya kaseini. Asidi ikija, vidonge vinashikana kwa mikono mingi zaidi, wavu unakuwa imara, na maji yanabaki ndani yake.

Maziwa yaliyopashwa hadi 65 tu nayo yataganda. Lakini yatakuwa mgando dhaifu unaotoa maji ukiugusa tu.

## Mahali ambapo jedwali linaharibika bila mtu kujua

Hapa ndipo palipo na kosa ninaloliona mara nyingi kuliko yote, na halionekani kwenye chupa.

Mwanafunzi anapoza maziwa hadi 43, anatia mbegu kwenye sufuria nzima, anagawa kwenye chupa, kisha anapeleka chupa moja kwenye friji, moja mezani, moja kwenye maji ya moto. Anaandika: friji, nyuzi 4. Lakini maziwa ya robo lita kwenye chupa ya kioo hayashuki kutoka 43 hadi 4 kwa dakika kumi. Yanashuka taratibu, na njia nzima bakteria wa yogati wanafanya kazi. Chupa hiyo imepita kwenye joto lote la mradi kabla haijafika kwenye joto lake.

Dawa yake ni rahisi: gawa maziwa kwenye chupa kabla ya kutia mbegu. Weka kila chupa kwenye maji yake, subiri mpaka maziwa yenyewe, si maji ya nje, yafike 22, 30 au 43. Ndipo utie kijiko cha mbegu, ukoroge mara chache, ufunike na uandike saa.

Kidole hakitoshi. Maziwa ya nyuzi 50 na ya 43 yote yanaonekana "vuguvugu la kuvumilika", lakini kwenye 50 mbegu inaanza kuumia, na juu zaidi ya hapo unaweza kuiua. Kipimajoto cha homa nacho hakifai. Kinasoma kati ya 35 na 42 tu, na cha kioo kinashikilia kipimo cha juu mpaka ukikung'ute. Tafuta cha jikoni au cha maabara kinachosoma kutoka 0 hadi 100.

## Kushikilia joto bila mashine

Boksi la kuhifadhia barafu linatunza joto vizuri kama linavyotunza baridi. Jaza lita 10 za maji ya nyuzi 43, panga chupa, maji yafike usawa wa maziwa, funga. Pima kila saa.

Tuseme baada ya saa moja na nusu maji yameshuka hadi 41. Uongeze maji ya moto kiasi gani? Lita 10 zinahitaji kupanda nyuzi 2, na maji ya birika yakifika kwenye boksi yana nyuzi 95 hivi, yaani yanashuka nyuzi 52 kufika 43. Gawanya 20 kwa 52: unapata lita 0.4 hivi, yaani vikombe viwili vidogo vya chai. Mimina kwenye pembe ya boksi, mbali na chupa, ukoroge maji kwa mkono wa mwiko.

Boksi la 30 Dar es Salaam karibu linajiendesha lenyewe. La 22 ndilo linalosumbua Pwani. Weka kipande cha barafu ndani ya mfuko wa plastiki, ukiondoe joto likifika. Mtungi wa udongo uliofunikwa gunia bichi unafanya kazi nzuri Dodoma, lakini Pwani hewa ina unyevu mwingi, maji hayakauki haraka, na mtungi haupoi kiasi cha kutosha. Nyanda za juu ni kinyume: 22 ndiyo inayohitaji kuongezwa maji ya moto usiku.

## Usichokonoe

Kuganda kunapimwa kwa kuinamisha chupa taratibu, kama nusu ya kuilaza. Uso ukisogea, bado. Ukisimama imara, andika saa. Usiingize kijiko. Wavu wa mgando ukishakatwa hauungani tena, na maji yatakayotoka yataonekana kama ni matokeo ya joto kumbe ni matokeo ya kijiko.

Kwa ajili ya kupima asidi, weka kando ya kila chupa kikombe kidogo cha maziwa yale yale yenye mbegu ile ile kwa uwiano ule ule. Hicho ndicho cha kuchokonoa.

Maziwa mabichi mazuri yana pH ya 6.7 hivi. Kwenye maziwa yaliyopashwa 85, mgando unaanza kushikana karibu na 5.2 na unakuwa kamili karibu na 4.6, mahali ambapo vidonge vya kaseini havina tena chaji ya kusukumana. Karatasi za pH za masafa mapana hazitakuonyesha tofauti hiyo. Tafuta zile za kati ya 4 na 7.

Shule yenye bureti inaweza kufanya vizuri zaidi. Chukua mililita 9 za maziwa, matone matatu ya fenolftalini, kisha dondosha NaOH ya molari 0.1 mpaka rangi ya waridi hafifu ikae. Kila mililita 1 uliyotumia ni asilimia 0.1 ya asidi ya laktiki. Maziwa mabichi yanatumia mililita 1.4 hadi 1.8. Yogati iliyoganda vizuri inatumia kama 7 hadi 9. Ukiona maziwa yamefika 2.5 kabla hujaanza, yalishaanza kuchachuka njiani. Huenda yakakatika kwenye sufuria kabla ya kufika 85.

## Kinachotarajiwa kuonekana

Tukianza saa tatu asubuhi, yogati ya 43 itasimama kati ya saa saba na saa nane mchana. Mtindi wa 43 utabaki maji.

Kwenye 30, zote mbili zitaganda. Mtindi utatangulia, pengine saa tatu au nne usiku, na yogati itafuata usiku huo. Kwa shule ya kutwa hii ni shida, hivyo ni bora chupa za 30 na 22 zianze jioni, saa kumi na mbili, zisomwe kuanzia asubuhi. Saa za kuanza si lazima zifanane, lazima ziandikwe.

Kwenye 22, mtindi utachukua saa 16 hadi 24. Yogati itakuwa nzito kidogo tu, au haitakuwa na mabadiliko yoyote.

Sasa weka zilizoganda kwenye friji usiku mzima, kisha uzilinganishe. Pima gramu 100 za kila moja, weka kwenye chujio lenye kitambaa safi juu ya kikombe kwa saa moja, upime maji yaliyochuruzika. Hapa kuna jambo ambalo wanafunzi wengi hawalitarajii: yogati ya 30, iliyochelewa usiku kucha, mara nyingi inatoa maji machache kuliko ya 43. Vidonge vilivyoshikana polepole vinapanga wavu wenye matundu madogo. Vilivyoshikana haraka kwenye joto vinapanga wavu wenye matundu makubwa.

Ladha nayo inatofautiana. Kwenye joto la chini streptokokasi ndiye anayetawala na yogati inakuwa tulivu. Ukipandisha kuelekea 45, laktobasilasi anapata nguvu, na ukali unaongezeka. Huyo anaendelea kutoa asidi hata kwenye friji, polepole, ndiyo maana yogati ya siku ya kumi ni kali kuliko ya siku ya kwanza.

## Zile chupa zisizo na mbegu

Ya 43 na ya 30 zitakuwa kama zilivyo jioni. Siku ya pili ndipo zinaposema.

Maziwa mabichi yakiachwa yanachachuka, maana yamebeba bakteria wa asidi tangu kwenye kamuo, kwenye ndoo na kwenye hewa. Yaliyopashwa 85 kwa nusu saa wamekwisha kufa. Waliobaki ni wanaojifunika ganda gumu linalovumilia moto, na hao hawana haja na sukari ya maziwa kama wenzao, wanavunja protini. Maziwa yanaweza kuganda bila kuwa machachu, yakawa machungu, yakanuka. Wanafunzi wanaandika "yamechachuka" kwa sababu yameganda. Karatasi ya pH itawaambia tofauti: yamebaki juu ya 6 au karibu na hapo, wakati mtindi uko 4.5.

Chupa hizi hazionjwi. Wala haionjwi chupa yoyote iliyopanda povu, yenye matundu ya gesi kwenye mgando, yenye uteute unaovutika, au yenye doa la rangi. Na asije mtu akadhani uchachu unasafisha maziwa mabichi: vijidudu vya brusela vinaweza kubaki hai kwenye maziwa yaliyoganda kwa siku kadhaa. Kinachovimaliza ni moto wa mwanzo.

## Zikigoma

Uzuri wa chupa sita ni kwamba zikigoma, zinakuambia kwa nini.

Mbegu moja ikigoma kwenye joto zote tatu na nyingine ikafanya kazi, tatizo ni mbegu: imekufa, imezeeka, au iliingia kwenye maziwa ya moto mno. Mbegu zote zikigoma kwenye boksi moja tu, angalia kipimajoto cha boksi hilo.

Mbegu zote zikigoma kwenye joto zote, tatizo ni maziwa.

Na hapo mtuhumiwa wa kwanza ni dawa. Ng'ombe aliyetibiwa kiwele kwa penisilini anatoa maziwa yenye dawa hiyo kwa siku kadhaa baada ya sindano, na kuchemsha hakuiondoi kwa uhakika. Streptokokasi wa yogati ni dhaifu sana mbele ya penisilini; kiasi kidogo mno kinamzuia. Maziwa yatakaa kwenye 43 mchana kutwa, masafi, matamu, hayana harufu, na hayataganda. Macho na ulimi havioni kitu. Chupa ya jemu ndiyo iliyoona.

Kwa hiyo usiku wa kabla ya mradi, chukua kikombe cha maziwa ya mfugaji yule yule, yapashe, yapoze hadi 43, tia kijiko cha yogati unayoiamini, uyalaze kwenye chupa ya chai iliyosuuzwa kwa maji ya moto. Asubuhi yakiwa yameganda, nunua lita tatu. Yakiwa maji, tafuta mfugaji mwingine kwanza, na umwambie yule wa kwanza ulichoona, maana maziwa hayo yanakwenda kwa watoto pia.

## Safu ya kwanza ya jedwali

Mahali palipoandikwa "joto la chumba" paandikwe hivi, kwa mfano: nyuzi 27 saa tatu asubuhi, 31 saa nane mchana, 29 saa mbili usiku, 26 alfajiri. Vipimo vinne, kipimajoto kikiwa ndani ya kikombe cha maji kando ya chupa, si ukutani.

Mwanafunzi wa Njombe akiandika vyake vya 17, 19, 15 na 12, mtu yeyote anayesoma majedwali hayo mawili ataona mara moja kwa nini mtindi wa mmoja uliganda usiku ule ule na wa mwingine ukaingia siku ya tatu.